Kabla ya Kutuma Fedha, Tazama Leseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwazindue vijana wenzangu wa machimboni, kuanzia Kahama hadi Katoro na Nyarugusu, juu ya tovuti za kubeti.

Hapa kwetu kijana mmoja mchimbaji alituma sh. 20,000 kwenye tovuti moja, akapewa na bonasi ya sh. 20,000. Baada ya siku chache salio lake likasomeka sh. 340,000. Alipotaka kuzitoa, aliandikiwa "inashughulikiwa" kwa siku nne. Kisha akaambiwa bonasi haijazungushwa "vya kutosha". Mwisho akatakiwa atume sh. 34,000 za kodi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ili fungu lake lifunguliwe.

Ndugu wasomaji, hapo pana dalili mbili. Kwanza ni neno "vya kutosha". Sharti la haki hutaja hesabu: bonasi ya sh. 20,000 izungushwe mara 10, yaani mchezaji aweke dau za jumla ya sh. 200,000, tena ndani ya siku kadhaa zilizotajwa. Sharti lisilo na hesabu halitimiziki, maana mwenye tovuti ndiye anayelipima. Pili ni kodi. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni yenyewe katika fedha za mshindi kabla ya kumlipa. Anayekudai uitume kwanza anataka kukuibia mara ya pili.

Si kila ucheleweshaji ni wizi. Mtandao wa simu huweza kukwama, au jina la akaunti likawa tofauti na jina lililosajiliwa kwenye laini. Lakini sababu hizo hutajwa wazi, na zikirekebishwa fedha hutoka. Sababu inayobadilika kila siku ndiyo ya kuogopwa.

Yote haya yangejulikana mapema. Michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Andika mwenyewe gamingboard.go.tz, wala usibonyeze kiungo ulichotumiwa, kisha tafuta orodha ya wenye leseni. Linganisha jina la kampuni, aina ya leseni na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwani matapeli huiga jina kwa kubadili herufi moja tu. Nembo ya Bodi iliyobandikwa chini ya ukurasa si ushahidi, na leseni ya nchi ya kigeni haimruhusu mtu kuchezesha Tanzania.

Leseni haikuhakikishii ushindi. Wengi hupoteza hata kwa kampuni halali. Faida yake ni kwamba kampuni ikigoma kulipa, unaweza kuilalamikia kwa Bodi ukiwa na ujumbe wa malipo na namba ya mkeka wako. Asiye na leseni hana cha kunyang'anywa. Huyo ni wa kupelekwa polisi, na kwa kawaida namba yake huwa imekwisha kuzimwa.

Msomaji wako,
Katoro, Geita.