Ujira wa Lori Zima, Kutoka Tanga Hadi Engaresero

Mwenye shehena bandarini Tanga, ambaye ghala lake liko Engaresero chini ya mlima Oldoinyo Lengai, aghalabu humwandikia msafirishaji kwamba ana tani 7 na ataka lori zima, kisha huuliza bei. Naye msafirishaji, maadamu hakuelezwa zaidi, hutaja ujira wa njia ya lami, na taabu hudhihiri pale barabara ya Arusha inapoachwa Mto wa Mbu, na safari ikashika njia ya Selela na Engaruka, yenye majivu ya volkano na makorongo ambayo wakati wa masika hujaa maji.

Tuchukue mfano wa mabomba ya chuma ya inchi 4, kila moja likiwa na urefu wa mita 6 na uzito wa kilo 73 hivi, yaliyofungwa mafurushi 5 ya mabomba 19. Furushi moja lina kilo 1,390 takriban, upana wa sentimita 57 na kimo cha 51, na jumla haifiki tani 7. Kwa uzito, lori la ekseli mbili latosha, kwani mizani ya barabarani huruhusu tani 18 pamoja na gari lenyewe. Lakini bodi lisilotimiza mita 6 halifai, na shehena ikirundikwa nyuma, ekseli ya nyuma yaweza kupita tani zake 10 ingawa jumla ni halali. Ndiyo sababu vipimo huandikwa kwa kila furushi, wala si kwa shehena nzima.

Lakini jambo ninaloliona limesahauliwa kuliko yote ni upakuaji. Bandarini winchi huteremsha furushi zima juu ya bodi. Ghalani Engaresero, ikiwa hakuna mashine ya kunyanyulia, sharuti furushi likatwe na mabomba yateremshwe mojamoja, juu ya magogo mawili yaliyoegemezwa bodini, kwa kamba na mikono ya wachukuzi wanne. Tukikadiria dakika tano kwa bomba, mabomba 95 yatakula karibu saa nane, yaani kutwa nzima. Kwa hiyo barua itaje waziwazi kwamba lori liwe na mbavu zinazofunguka, si la sanduku; kwamba trela refu halitakiwi, kwa kuwa kugeuka penye mchanga laini ni muhali; kwamba wachukuzi na magogo ni juu ya mwenye mali; na uwanja wa ghala una upana gani.

Fauka ya hayo, aulize ujira huo unahesabu saa ngapi za kungoja, siku ya ziada ni kiasi gani, na kama safari ya kurudi tupu imo ndani. Akijibiwa kwa tarakimu moja tu, bila ya majibu hayo, airudishe barua kabla hajalipa arbuni.