Ankara ya Siku 90 na Mshonaji wa Umoja

Nyumba nyingi za mtaa wa Umoja zilizojengwa zikiwa za ghorofa moja zimepandishwa juu, na vyumba vya chini vikageuka maduka, saluni na karakana. Ukipita kuelekea soko la Mutindwa utasikia cherehani zikilia kuanzia asubuhi. Tuchukue karakana moja ya mfano kati ya hizo: mafundi wanne, mama mmoja mwenye biashara, na oda ya kushona sare za wahudumu wa supamaketi kubwa yenye matawi mengi. Thamani ya oda ni shilingi 500,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, ankara inafika shilingi 580,000. Masharti ya malipo ni siku 90.

Katika oda hiyo kitambaa, vifungo na nyuzi vimegharimu 280,000 kabla ya kodi, na ujira wa mafundi ni 100,000. Faida ni 120,000. Kwenye karatasi biashara hii ni nzuri. Lakini mafundi hulipwa Jumamosi, kodi ya chumba hulipwa mwanzo wa mwezi, na mwenye duka la vitambaa hawezi kungoja miezi mitatu.

Mamlaka ya Mapato (KRA) nayo haingoji. VAT hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hesabu yake hufuata ankara iliyotolewa, si pesa zilizoingia. Mama huyu amelipa VAT ya 44,800 alipofanya manunuzi, na ankara yake imebeba 80,000, kwa hiyo anadaiwa tofauti ya 35,200 ilhali supamaketi haijampa hata senti. Msambazaji anayekaa akingoja pesa zake huwa pia amemtangulizia mnunuzi kodi, na hili ndilo huwashtua wengi wanapofanya biashara na kampuni kubwa kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo huduma ya kukopea ankara inapoingia. Benki, au kampuni ya mikopo inayofanya kazi hiyo, humpa msambazaji sehemu kubwa ya pesa sasa, kisha mnunuzi anapolipa, benki hukata chake na kumrudishia salio. Mkopo wa kawaida huuliza mkopaji ana nyumba, logibuku au hatimiliki gani. Huu wa ankara huuliza kwanza ni nani anayedaiwa, na je, amekubali kwamba anadaiwa? Karakana yenye cherehani nne haiwezi kupata nusu milioni kwa jina lake. Kwa deni la kampuni kubwa lililothibitishwa, inaweza.

Neno zito hapo ni “lililothibitishwa”. Ankara ni madai ya upande mmoja tu, kwa sababu anayeiandika ni anayedai. Benki inayojua kazi hii hutaka karatasi tatu zinazosema kitu kimoja. Kuna oda ya ununuzi, ambayo wengi huiita LPO. Kuna hati ya mapokezi yenye sahihi na muhuri wa stoo ya mnunuzi, inayoonyesha kwamba nguo zilifika na idadi yake. Na kuna ankara yenyewe, siku hizi ikiwa imepitia mfumo wa eTIMS, na nambari yake inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya KRA. Ikiwa LPO inasema sare 400, hati ya mapokezi 388, na ankara 400, faili hilo halitasonga mpaka zile 12 zijulikane zilikwenda wapi.

Juu ya hizo tatu kuna barua inayobeba mzigo wote. Ndani yake ofisi ya hesabu ya mnunuzi hukiri kwamba ankara hii ni halali, kwamba itailipa tarehe fulani bila kukata chochote kwa madai mengine, na kwamba pesa zitaingia katika akaunti iliyotajwa na benki na hazitahamishiwa kwingine bila benki kukubali. Kuipata barua hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mama atapanda lifti ya makao makuu, aambiwe, “Mama, anayesaini ametoka, jaribu Alhamisi.” Mnunuzi hanufaiki kwa kusaini. Kwake barua hiyo ni kifungo, kwa kuwa baadaye hawezi tena kuchelewesha au kukata pesa kimyakimya. Ndiyo maana mipango inayokwenda vizuri zaidi ni ile ambayo mnunuzi mwenyewe ameiingia na benki, akawa anaidhinisha ankara za wasambazaji wake wote kwenye mfumo mmoja. Benki ya maendeleo ya Mexico, NAFIN, ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2001, na ukajulikana duniani kwa kuwafikia wasambazaji wadogo waliokuwa nyuma ya wanunuzi wakubwa.

Sasa hesabu. Supamaketi za ukubwa huo mara nyingi ni mawakala wa KRA wa kuzuia VAT. Zinapolipa, hushika asilimia 2 ya thamani ya bidhaa na kuipeleka serikalini kwa jina la msambazaji. Kwa ankara hii wanashika 10,000, kwa hiyo pesa zitakazofika ni 570,000. Benki makini hukopesha juu ya hiyo 570,000, haikopeshi juu ya 580,000. Tuseme inatoa asilimia 80, yaani 456,000, kwa riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi na ada ya asilimia 1 inayokatwa mwanzoni. Viwango hivi ni vya mfano, kila mkopeshaji ana vyake, lakini mpangilio ndio huo.

Mama anapokea 451,440. Riba ni 11,400 kila mwezi, na kwa miezi mitatu inakuwa 34,200. Siku mnunuzi anapolipa, salio la 114,000 hupunguzwa riba hiyo na mama anapata 79,800. Ukijumlisha ada na riba, pesa za mapema zimemgharimu 38,760. Mtu akisikia “asilimia mbili na nusu” huona ni kidogo, lakini faida ya oda nzima ilikuwa 120,000, na karibu thuluthi yake imekwenda.

Je, ni ghali mno? Inategemea kile ambacho 451,440 zitafanya katika siku hizo 90. Zikikaa tu kwenye akaunti, au zikilipa karo ya shule, mama amenunua utulivu kwa bei kubwa. Zikinunua kitambaa cha oda ya pili yenye faida ya 120,000, oda ambayo angeikataa kwa kukosa mtaji, ametoa 38,760 akapata mara tatu yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kusaini linahusu oda ya pili: ipo, au inatumainiwa tu?

Swali la pili linahusu kalenda, na hapa ndipo wengi huumia. Siku 90 zinahesabiwa tangu lini? Msambazaji huhesabu tangu alipofikisha mzigo. Mnunuzi mkubwa anaweza kuhesabu tangu mwisho wa mwezi ambao ankara ilipokewa. Sare zilizofika tarehe 3 Machi zitaanza kuhesabiwa tarehe 31 Machi, na tayari siku 28 zimepita. Riba ya karakana yetu ni shilingi 380 kwa siku, kwa hiyo 10,640 zaidi zimetoka mfukoni mwa mama bila yeyote kuvunja mkataba. Benki haipotezi kitu, kwa kuwa inakata kwenye salio, na salio ni la mama.

Salio hilo hilo hutafunwa na makato. Supamaketi zina desturi ya kudai marejesho ya asilimia fulani ya mauzo, ada ya kuingiza bidhaa rafuni, na bidhaa za bure tawi jipya linapofunguliwa. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua dhidi ya Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini, kufuatia malalamiko ya msambazaji wake wa mtindi, Orchards Limited, kuhusu madai ya aina hiyo. Jopo la Ushindani liliunga mkono uamuzi huo mwaka 2021. Sheria ya Ushindani sasa inataja waziwazi kwamba kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu ya msingi, kinyume na masharti yaliyokubaliwa, ni matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Msambazaji anaweza kupeleka malalamiko. Kwa mkopeshaji, hata hivyo, makato ni makato. Mnunuzi akikata asilimia 25, ile 570,000 inakuwa 427,500, na haitoshi hata kurudisha 456,000 zilizokwisha kutolewa.

Nani atajaza pengo? Msambazaji. Mikataba mingi ya namna hii humpa mkopeshaji haki ya kumrudia aliyekopa ikiwa mnunuzi hakulipa, iwe kwa mzozo au kwa kufilisika. Kifungu hicho huwa kwenye kurasa za ndani, na ndicho cha kusoma kwanza. Supamaketi ya Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe, huku madeni yakizidi shilingi bilioni 30. Wasambazaji wasio na dhamana walikuwa nyuma ya foleni. Aliyekopea ankara katika hali kama hiyo, chini ya kifungu cha kurudiwa, hupoteza mara mbili: bidhaa zimekwenda na mkopo bado ni wake. Upo mkataba ambao benki hubeba hatari ya mnunuzi kushindwa kulipa, lakini ni ghali zaidi na hutolewa kwa majina machache.

Kuna kikwazo kingine ambacho hujitokeza dakika ya mwisho. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017, mkopeshaji huandikisha dai lake juu ya ankara kwenye rejista ya umma, na aliyetangulia kuandikisha ndiye wa kwanza kulipwa. Ikiwa karakana ilichukua mkopo mwingine zamani na kuweka rehani “mali zote za biashara”, ankara za leo na za kesho huenda zimo humo. Mkopeshaji mpya ataliona jina la yule wa kwanza na kutaka kibali chake kwa maandishi. Kuficha hakusaidii. Kukopea ankara moja mahali pawili ni udanganyifu, na hugunduliwa siku pesa inapoingia akaunti moja huku mkopeshaji wa pili akiingoja kwake.

Kabla ya yote hayo, mama wa mfano wetu ana simu moja ya kupiga, kwa ofisi ya hesabu ya supamaketi yenyewe. Aulize kama watalipa ndani ya siku 15 akiwapunguzia asilimia 3. Asilimia 3 ya 500,000 ni 15,000, chini ya nusu ya zile 38,760, na hakuna barua, rejista wala kifungu cha kurudiwa. Kampuni yenye pesa taslimu huweza kukubali. Isiyokuwa nazo itakataa, na jibu hilo pia ni taarifa, kwa sababu mnunuzi anayekataa punguzo kama hilo huenda hana pesa, na ni deni la mnunuzi huyo huyo ambalo mama anataka kulikopea.