Agape na shalom: neno hubeba nini linapofika mimbarini?

Ni nadra mwaka kuisha kanisani bila waumini kusikia mahubiri ya aina nne za upendo. Mhubiri huanza na eros, upendo wa mwili. Kisha hutaja storge, upendo wa ukoo, halafu filia, upendo wa marafiki. Mwisho sauti hupanda anapofika kwenye agape, upendo wa Mungu usiodai malipo. Jumapili nyingine zamu huwa ya shalom. Waumini huambiwa kwamba shalom si amani tu, bali pia ni afya, mali, ukamilifu, ushindi na utulivu wa moyo, vyote kwa pamoja. Watu huitikia amina, wengine huandika kwenye daftari.

Mahubiri hayo yana ukweli ndani yake. Agape na shalom ni maneno mazito kweli, na maana zake ni pana. Tatizo ni namna upana huo unavyotumika. Neno linaweza kuwa na maana sita likihesabiwa katika Biblia nzima, lakini likiingia katika mstari mmoja kwa kawaida huja na maana moja, pengine mbili. Inayochagua ni sentensi yenyewe. Mwaka 1961 James Barr, mwanazuoni wa Biblia kutoka Skotlandi, alitoa kitabu kilichokosoa vikali tabia ya kukusanya maana zote za neno na kuzishusha mahali pamoja. Hoja yake bado ina kazi katika makanisa yetu.

Tuanze na agape. Orodha ya aina nne za upendo, kama inavyohubiriwa leo, ilienezwa sana na mwandishi C. S. Lewis kwa kitabu chake cha mwaka 1960. Kabla yake, katika miaka ya 1930, mwanateolojia wa Kilutheri wa Uswidi, Anders Nygren, alikuwa ameandika kazi kubwa iliyoweka agape upande mmoja na eros upande mwingine. Wote wawili walikuwa wakifafanua mawazo kuhusu upendo. Wasikilizaji wengi wamebaki na imani kwamba Kigiriki chenyewe kiligawa upendo hivyo, na kwamba kila agape inapoandikwa ni upendo wa kimungu unaotajwa.

Sasa tufungue 2 Samweli 13. Amnoni, mwana wa Daudi, anamtamani Tamari, umbu lake kwa baba. Anajifanya mgonjwa, anaomba Tamari amletee chakula, kisha anambaka. Papo hapo anamchukia kuliko alivyompenda, na kumfukuza. Wayahudi walioifasiri habari hii kwa Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuajinta, walihitaji neno la kutaja kile ambacho Amnoni alikuwa nacho kabla ya chuki. Neno walilotumia ni agape. Tamaa iliyoishia katika ubakaji imeandikwa kwa neno lile lile ambalo Paulo alilitumia katika 1 Wakorintho 13.

Agano Jipya nalo linatumia kitenzi chake, agapao, kwa mambo yasiyo na utakatifu wowote. Katika Luka 11:43 Mafarisayo wanavipenda viti vya mbele katika masinagogi. Katika Yohana 3:19 watu wanalipenda giza. Katika 2 Timotheo 4:10 Dema amemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu. Kila mahali hapo kitenzi ni agapao. Upande wa pili, Yohana 3:35 inasema Baba anampenda Mwana kwa kutumia agapao, na Yohana 5:20 inasema jambo lile lile kwa kutumia fileo, kitenzi tunachoambiwa ni cha urafiki tu. Hakuna anayeweza kudai kwamba upendo wa Baba ulipungua kati ya sura hizo mbili.

Kuenea kwa agapao kuna historia ya kawaida ya lugha. Fileo ilikuwa imepata pia maana ya kubusu, na ndicho kitenzi Yuda anachotumia katika Marko 14:44 anapowapa watu aliokuja nao ishara ya kumtambua Yesu. Wakati huo agapao ilizidi kushika nafasi ya kitenzi cha kawaida cha kupenda. Waandishi wa Agano Jipya walikitumia kwa wingi kwa sababu ndicho kilichokuwa vinywani mwa watu. Mswahili hapati shida kulielewa hilo. Tunampenda mama, tunapenda wali wa nazi, tunampenda Mungu, na anayetusikia hachanganyikiwi.

Mahali panapohubiriwa zaidi kuhusu tofauti hii ni Yohana 21, kando ya bahari ya Tiberia. Yesu anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Mara mbili za kwanza anatumia agapao, ya tatu fileo, na Petro anajibu kwa fileo mara zote. Mahubiri yanayozoeleka husema kwamba Petro hakuthubutu kuahidi upendo wa juu, basi Yesu akashuka hadi kiwango chake. Lakini angalia maneno mengine ya mistari hiyo hiyo. Mara wanatajwa wana-kondoo, mara kondoo. Mara Petro anaambiwa alishe, mara achunge. Hata neno la kujua, pale Petro anapomwambia Yesu kwamba anajua, linabadilishwa katika jibu la tatu. Yohana ana mazoea ya kubadilisha maneno yenye maana zinazokaribiana, na wahubiri wanaotofautisha agapao na fileo huwa hawajengi hoja yoyote juu ya kondoo na wana-kondoo. Isitoshe, mwandishi mwenyewe anaeleza kilichomhuzunisha Petro: aliulizwa mara ya tatu.

Hapo ndipo penye utajiri wa habari hii. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, sasa anaulizwa mara tatu. Na kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulikagua mwenyewe bila kujua Kigiriki. Katika Yohana 18:18 Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, usiku wa kukana. Katika Yohana 21:9 wanafunzi wanaposhuka chomboni wanakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa. Neno la Kigiriki la moto huo, anthrakia, linapatikana mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya lote. Mhubiri anayewapeleka waumini kutoka moto wa kwanza hadi wa pili amewapa kitu kilichomo kwenye maandiko.

Je, agape haina uzito wa pekee? Inao, ila inaupata kwa yale yanayosemwa juu yake. Katika 1 Yohana 4:10 mwandishi haachi neno lijieleze, bali anaeleza upendo ni upi kwa kutaja tendo la Mungu kumtuma Mwanawe. Paulo naye anawaandikia Wakorintho waliokuwa wakipelekana mahakamani. Kwenye chakula cha Bwana mmoja alibaki na njaa na mwingine alilewa, kama tunavyosoma katika sura ya 11. Kwa hiyo anapofika sura ya 13 na kusema upendo huvumilia wala haujivuni, kila kitenzi kinagusa ugonjwa wa kanisa lile. Ukiisoma sura ya 13 pamoja na ya 6 na ya 11, utajua agape ni nini pale Korintho kuliko utakavyojua kwa orodha ya aina nne.

Shalom inatupeleka kwenye Kiebrania, na hapa upana ni mkubwa zaidi. Mzizi wake unahusu hali ya kitu kuwa kizima na kutimia. Mawe ya madhabahu ambayo hayajachongwa, katika Kumbukumbu la Torati 27:6, yanaitwa mazima kwa neno la mzizi huo. Mtu aliyeacha shimo wazi na ng'ombe wa jirani akatumbukia, katika Kutoka 21:34, anatakiwa kulipa, na kitenzi cha kulipa ni cha mzizi huo huo. Ni rahisi kuvutiwa na picha hiyo na kudai kwamba yote yamo katika kila shalom.

Lakini soma 2 Samweli 11:7. Daudi, akitafuta namna ya kuficha dhambi yake, anamwita Uria kutoka mstari wa mbele na kumuuliza shalom ya Yoabu, shalom ya watu, na shalom ya vita. Kama shalom ni amani kamili ya Mungu, shalom ya vita ni kitu gani? Daudi anauliza tu vita inaendeleaje. Shalom hapa ni hali, ni habari za huko.

Mfano unaogusa zaidi uko katika 2 Wafalme 4. Mtoto wa mwanamke Mshunami amefia magotini pake. Mama amemlaza juu ya kitanda cha nabii Elisha, akatandika punda na kuondoka mbio. Mtumishi wa Elisha anatumwa kumlaki na kumuuliza kama yeye, mumewe na mtoto wana shalom. Anajibu kwa neno moja: shalom. Zipo mahubiri zinazolifanya jibu hilo kuwa tangazo la imani ya ushindi. Huenda tumaini lilikuwemo moyoni mwake, maana alikuwa akimkimbilia nabii. Ila neno lenyewe ni jibu la salamu. Sisi tunaosema "salama", neno la Kiarabu lenye undugu na shalom, tunalijua vizuri. Mtu huulizwa habari za nyumbani, hujibu "nzuri", ndipo huongeza kwamba mgonjwa wao amefariki alfajiri. Mshunami hakutaka kulifungua jeraha lake kwa mtumishi. Alipofika kwa Elisha aliishika miguu yake, na hapo ndipo uchungu ulipotoka.

Kuna mahali ambapo shalom ni pana kweli, na maandiko yenyewe yanaonyesha. Katika Yeremia 29 nabii anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, kisha waitafute shalom ya mji ule, mji wa aliyewateka, maana shalom yao imo katika shalom yake. Makazi, chakula na watoto vimetangulia kutajwa, hivyo tuna haki ya kusema shalom hapa ni ustawi wa maisha yote. Sentensi zinazozunguka ndizo zilizoufungua mlango.

Sentensi hizo hizo pia zinaweka mpaka. Mstari wa 11, wenye mawazo ya shalom, huandikwa kwenye kalenda na kadi za mahafali kama ahadi ya mafanikio yaliyo karibu. Mstari wa 10 umesema miaka 70, na katika sura ya 28 Hanania aliyeahidi miwili ameitwa mwongo. Wengi wa wasomaji wa kwanza wa barua ile wangezikwa Babeli. Shalom waliyoahidiwa ilikuwa ya taifa.

Msikilizaji anaweza kupima mwenyewe bila kamusi. Chukua kila maana iliyotajwa mimbarini, iweke ndani ya mstari, kisha usome kwa sauti. Mwambie Daudi aulize ushindi na mali ya vita, au mseme Amnoni kuwa alikuwa na upendo usiodai malipo, na utasikia sentensi inavunjika. Halafu liondoe neno la kigeni kabisa, uone kama fundisho bado linasimama juu ya habari iliyobaki. Fundisho la moto wa makaa litasimama. La ngazi mbili za upendo katika Yohana 21 litaanguka. Na baada ya ibada si utovu wa adabu kumfuata mchungaji na Biblia mkononi, ukamuuliza: katika mstari huu, neno hili lina maana ipi, na tunaijuaje?