Kinachotenganisha stesheni mbili redioni

Antena ya redio hupokea mawimbi ya stesheni nyingi kwa pamoja. Yote huilazimisha saketi ya koili na kapasita kutetemeka kwa umeme, kila wimbi kwa masafa yake. Saketi huitikia kwa nguvu zaidi wimbi lenye masafa yanayokaribiana na yake ya asili, na hali hiyo ndiyo resonansi. Mwitikio huo ukichorwa kwenye grafu, hufanana na mlima.

Umbo la mlima huamuliwa na ukinzani, unaokula nishati na kufifisha mtetemo. Ukinzani ukipunguzwa nusu, kilele hupanda maradufu na upana hupungua nusu. Kipimo cha ubora, Q, ni masafa ya kilele yakigawanywa kwa upana huo, unaopimwa pale mwitikio unapofikia asilimia 71 ya kilele.

Chukua stesheni ya kilohezi 900 na jirani yake wa 909. Q ikiwa 20, upana ni kilohezi 45, na jirani hupenya kwa asilimia 93: sauti mbili zinagombana spikani. Q ikiwa 100, upana ni kilohezi 9, lakini jirani bado hupenya kwa asilimia 45. Kwa nini basi Q isiongezwe tu? Ikifika 200, kingo za wimbi lenyewe hukatwa. Sauti nyembamba hufifia na mtangazaji husikika kama amefunikwa blanketi. Mafundi huunganisha saketi kadhaa mfululizo, ili mlima uwe na kilele kipana na miteremko mikali.