Mkeka Usio na Mshono

Mandhari ya nyuma ya tovuti, au sakafu ya nyumba ndani ya gemu, mara nyingi si picha moja kubwa. Ni picha ndogo ya mraba inayopangwa mara nyingi, kigae kando ya kigae. Ukingo wa kulia ukikutana vizuri na wa kushoto, na wa juu na wa chini, jicho haliuoni mshono. Siku hizi vigae hivyo hutengenezwa kwa programu za akili mnemba zinazochora picha kutokana na maelekezo ya maandishi. Jiwe ndilo rahisi, kwa kuwa chembe zake hazina mpangilio. Mbao ni ngumu kidogo, maana mistari yake lazima iendelee kutoka kigae hadi kigae. Kazi hasa iko kwenye vitu vilivyosukwa, na hapo nitauchukua mkeka wa miyaa.

Wengi huanza kwa kuomba mkeka mzuri ulioangaziwa na jua sebuleni. Programu huwapa sebule: mkeka unaoonekana kwa pembeni, kona zake, kivuli cha mlango. Picha inapendeza lakini haifai kuwa kigae. Kinachotakiwa ni kueleza uso wa kitu na si mahali kilipo: utazamwe kutoka juu kabisa, ujaze picha yote, na mwanga uwe sawa kila upande. Maelekezo huandikwa zaidi kwa Kiingereza, kwa kuwa picha nyingi zilizofundishia programu hizi zilikuwa na maelezo ya lugha hiyo. Kwa Midjourney unaweza kuandika hivi:

```
woven palm leaf mat, plain over-under weave,
natural straw color, flat surface filling the frame,
seen from directly above, even soft light
--no border, shadow, floor --tile
```

Vitu usivyovitaka vimewekwa baada ya `--no`. Ukiandika katikati ya sentensi kwamba hutaki pindo, neno pindo lenyewe linaweza kulileta. Na `--tile` ndiyo inayofanya kingo zikutane. Neno `seamless` peke yake halitoshi: programu imeona picha nyingi zilizopewa jina hilo, basi huiga sura yake tu, na kingo zikabaki kila moja na lake. Kwa Stable Diffusion, baadhi ya programu zake zina kisanduku cha `Tiling`. Ukikiwasha, programu inapochora ukingo wa kulia huuhesabu ukingo wa kushoto kuwa jirani yake.

Hata hivyo, usiiamini picha kabla ya kuipima. Ifungue kwenye GIMP, kisha tumia `Offset` kuisogeza kwa nusu: kama ina pikseli 1024 kila upande, isogee 512 kulia na 512 chini, huku sehemu inayotoka upande mmoja ikiingia upande wa pili. Kingo zote sasa zimekuja katikati, na kama kuna mshono utauona umekatiza kama msalaba. Rekebisha hapo katikati tu kwa brashi ya kunakili. Usiguse kingo mpya, kwani zilikuwa jirani ndani ya picha ya awali na tayari zinakubaliana.

Mkeka una kosa jingine lisilotibika kwa brashi. Katika msuko wa kawaida, uzi mmoja hupita juu na unaofuata hupita chini. Basi hesabu nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa 11, yaani takriban pikseli 93 kila mmoja, uzi wa mwisho utapita juu, na wa kwanza wa kigae kinachofuata nao utapita juu. Rangi zitalingana, lakini aliyewahi kusuka ataona mara moja kwamba msuko umevunjika. Kata picha ibaki na nyuzi 10, kiasi cha pikseli 931, fanya hivyo kwa upande wa pili pia, kisha ikuze tena hadi 1024 na urudie kipimo cha `Offset`. Idadi iwe shufwa siku zote.

Mwisho panga vigae tisa, vitatu kwa vitatu, uvitazame ukiwa mbali kidogo. Jani moja lililokolea rangi, ambalo kwenye kigae kimoja lilikuwa urembo, sasa litajipanga kama madoa yenye safu. Lifute. Pembe moja ikiwa na mwanga zaidi, utaona mistari mipana. Hapo ni afadhali kuomba picha mpya kuliko kuhangaika nayo.

Kwenye tovuti, kivinjari hurudia kigae chenyewe:

```
body {
  background-image: url("mkeka.jpg");
  background-size: 512px;
}
```

Punguza ukolezi wa rangi hadi maandishi yaliyo juu yake yasomeke bila kukaza macho. Kwenye gemu, kagua tena vivuli. Jua la gemu hutoa vivuli vyake, na kivuli kilichochorwa ndani ya kigae kitaelekea upande wake hata jua hilo likihama.