Barua Pepe Haimsikilizi Mtu

Swali hili hunijia kila mara, na aghalabu huletwa na mwenye biashara ya Umoja, Donholm au Kariobangi: mfanyakazi wangu ana kosa kubwa, je, nimwandikie barua pepe au nimpigie simu? Anayeuliza huwa ameshaamua. Barua yenyewe ameiandika usiku, ni ndefu, na kwenye sehemu ya Cc ameweka mhasibu, meneja na mbia wake. Anachotaka kwangu ni kuambiwa iko sawa.

Haiko sawa. Nimewaeleza watu hivyo kwa miaka, nao hunijibu kwa maneno yale yale: "Lakini lazima niandike, ndipo niwe na ushahidi."

Ushahidi wa nini? Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au hali ya afya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, aliyemchagua mwenyewe. Kisha mwajiri asikilize atakachosema yeye na huyo mwenzake. Hata kosa zito la kumfukuza mtu papo hapo, wizi ukiwemo, halikuondolei wajibu huo. Basi barua pepe ya saa nne usiku inayomalizia kwa "usirudi kazini kesho" ni ushahidi kamili kwamba hukumsikiliza. Wakili wa mfanyakazi hatahitaji kutafuta kingine. Ataichapisha na kuiambatisha kwenye madai, na ana miaka 3 ya kuyafikisha mahakamani. Mahakama inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, hata kama kosa lilikuwapo kweli.

Imani hii ya kuandika kwanza ina ubovu mwingine unaowakuta hata wasiofukuza mtu. Mwandishi husoma barua yake kwa sauti iliyo kichwani mwake, na msomaji haisikii sauti hiyo. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambapo watu walituma sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Watumaji walikisia kwamba wapokeaji wangetambua ipi ni ipi mara 78 kwa kila 100. Waliosikia sauti walikaribia kiwango hicho. Waliosoma barua pepe walipatia mara 56 tu, na kubahatisha kungewapa 50. Unapoandika "naomba maelezo", wewe unaona umeuliza kwa upole, ilhali mwenzako tayari anasoma hukumu.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi kando ya Kangundo Road. Hesabu ya Jumamosi inaonyesha mifuko 14 ya simiti imepungua ikilinganishwa na hati za kupokelea mizigo. Mwenye duka anamwandikia karani wa stoo barua yenye neno "wizi", nakala kwa watu watatu. Karani anaisoma kwenye simu ndani ya matatu, bila daftari mbele yake, na wenzake washajua. Anajibu kwa hasira, mwenye duka anajibu jibu hilo, na kufikia Jumanne kila mmoja anatetea alichokwisha kuandika. Hakuna tena anayetafuta mifuko.

Sasa fanya kwa mpangilio. Jumatatu asubuhi piga simu ya dakika mbili. Kwanza uliza, "Uko mahali unaweza kuongea?" Mwambie kuna upungufu wa simiti, utampa barua leo, na mtakaa Alhamisi. Usimhoji kwenye simu, wala usitaje wizi, kwa kuwa hujui bado. Siku hiyo hiyo mpe barua fupi, ya mkononi au pepe, inayotaja tarehe ya hesabu, mifuko mingapi, kwa hati zipi, saa na mahali pa kikao, na kwamba anaweza kuja na mwenzake. Ambatisha nakala za kurasa za daftari. Cc iachwe tupu. Sheria haitaji idadi ya siku za kujiandaa, lakini chini ya mbili tatu huwezi kudai ulimpa nafasi.

Kikao kisiwe kaunta, mbele ya wateja. Awepo mtu wa kuandika. Weka hesabu mezani, uliza, kisha nyamaza. Hapa ndipo mambo hufunguka, maana swali la pili huzaliwa na jibu la kwanza, jambo ambalo barua haiwezi. Karani anasema mifuko 8 ilichukuliwa kwa mkopo na fundi, meneja akiwa ameruhusu kwa mdomo. Unauliza iliandikwa wapi. Kwenye daftari la mikopo, si la stoo. Linaletwa, mnaikuta. Inabaki 6 ambayo hana maelezo yake. Shtaka la wizi wa mifuko 14 sasa ni uzembe kuhusu 6, pamoja na swali kwa meneja ambaye ungemtumia nakala kama shahidi! Usitoe uamuzi hapo mezani. Msome maandishi pamoja, mtie sahihi, kisha uamuzi uje kwa barua siku inayofuata, ukieleza alichosema na kwa nini umekubali au umekataa.

Kwa hiyo maandishi hayajafutwa. Yanatangulia kikao na kukifuata, ila hayakai mahali pake.

Kuna atakayenikumbusha kwamba Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mamlaka ya ushuru mwaka 2010, ilisema kusikilizwa kwa haki si lazima kuwe kwa mdomo. Kweli, mtu anaweza kusikilizwa kwa kuandikiana. Lakini awe ameyaona madai na amejibu kabla ya uamuzi. Barua inayoshtaki na kuhukumu kwa pamoja haikombolewi na hukumu ile.

Mengine ni mepesi. Saa za kazi zimebadilika au mshahara utachelewa kwa siku moja: barua pepe ya mistari mitano, basi. Jambo linalohitaji maswali mawili matatu, kama hesabu ya marupurupu: piga simu, kisha tuma mstari mmoja wa kuthibitisha mlichokubaliana. Msiba: piga simu au nenda, usiandike. Wafanyakazi wawili wamegombana: zungumza na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Kupunguza wafanyakazi: ilani ya maandishi ya mwezi mmoja ni ya lazima, na afisa wa leba apate yake, lakini wewe mwenyewe umpe mtu karatasi hiyo mkononi huku ukimweleza. Yuko Kisumu? Simu ya video. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa jambo lolote kati ya haya, hapana: hauulizi swali, na husambazwa kabla hujamaliza chai.

Na akikataa kuja? Mpe tarehe ya pili kwa maandishi, ukieleza kwamba asipofika utaamua kwa yaliyo mbele yako. Siku ikifika mngoje nusu saa, muandike kwamba hakutokea na nani alikuwapo, mpitie hati zote kana kwamba yupo, kisha umtumie uamuzi. Barua hiyo ya mwisho inaweza kwenda kwa barua pepe.