BBBY ya leo si BBBY ya jana

Tarehe 23 Aprili 2023, Bed Bath & Beyond, kampuni ya Marekani iliyouza mashuka, taulo na vyombo vya nyumbani, ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mapema Mei soko la Nasdaq likasimamisha biashara ya hisa zake. Hisa hizo zikahamia soko la pembeni kwa alama ya BBBYQ, na mwisho wa Septemba zikafutwa kabisa. Waliokuwa nazo hawakuambulia kitu.

Jina, hata hivyo, lilinusurika. Overstock, duka la mtandaoni, lililinunua kwa dola milioni 21.5, likajiita kwanza Beyond kwa alama ya BYON, kisha Agosti 2025 likajiita Bed Bath & Beyond na kuchukua alama ya BBBY, safari hii katika Soko la Hisa la New York. Herufi ni zilezile, kampuni ni nyingine.

Mtu aliyeweka BBBY kwenye orodha yake ya hisa mwaka 2022 na asiiguse tena amepitia mambo mawili bila taarifa. Kwanza bei ilitoweka. Miaka miwili baadaye ikarudi, ikiwa ya biashara ambayo hakuwahi kuichunguza, na pengine imechorwa kwenye grafu moja na bei za kampuni iliyokufa.

Kwa nini hakustuka? Mara nyingi chanzo ni fomula yenyewe. Wengi wanaofuatilia hisa kwa Google Sheets huandika hivi:

```
=IFERROR(GOOGLEFINANCE(A2,"price"),"")
```

Sehemu ya `IFERROR` huwekwa ili jedwali lipendeze: bei isipopatikana, kisanduku kinabaki cheupe badala ya kuonyesha kosa. Lakini kosa hilo ndilo lililokuwa taarifa pekee kwamba hisa imeondolewa sokoni. Mbaya zaidi, tahadhari ya aina ya "niambie bei ikishuka chini ya dola 5" haitalia kamwe kwa kisanduku kisicho na namba. Mwenye orodha huona kimya, akadhani mambo ni shwari. Zipo pia huduma zinazoendelea kuonyesha bei ya mwisho kana kwamba ni ya leo. Twitter iliponunuliwa Oktoba 2022 kwa dola 54.20 kwa hisa, bei yake ya mwisho sokoni ilikuwa dola 53.70. Namba hiyo inaaminika kabisa machoni, ilhali hakuna tena anayeuza wala kununua.

Dawa ya kwanza ni kuuliza lini hisa iliuzwa mara ya mwisho, si bei peke yake:

```
=IFERROR(IF(NOW()-GOOGLEFINANCE(A2,"tradetime")>5,"KAGUA",""),"KAGUA")
```

Siku tano zinatosha kuvuka wikendi na sikukuu. Hapa kosa halifichwi tena. Linageuzwa kuwa wito wa kukagua.

Kipimo hicho hunasa hisa iliyokufa. Hakinasi alama iliyopewa mwenye mpya, kwa kuwa BBBY ya sasa inauzwa kila siku. Kwa hilo unahitaji kitambulisho kisichohama. Tume ya dhamana ya Marekani, SEC, huipa kila kampuni inayowasilisha taarifa kwake namba iitwayo CIK. Bed Bath & Beyond ya zamani ni 886158; iliyokuwa Overstock ni 1130713. Facebook ilipoacha alama ya FB na kuchukua META mwezi Juni 2022, CIK yake ilibaki 1326801, dalili kwamba ni kampuni ileile.

Kwa hiyo ongeza safu ya CIK pembeni ya alama. Mara moja kwa wiki pakua faili la `company_tickers.json` kutoka tovuti ya SEC, ambalo huonyesha kila alama, namba yake na jina la kampuni, kisha linganisha. Alama ileile ikija na CIK tofauti, simama usome. CIK ileile ikija na alama mpya, badilisha alama tu. CIK ikikosekana kabisa, tafuta kwenye nyaraka za kampuni fomu namba 25, ambayo ndiyo huanzisha rasmi kuondolewa sokoni.

Njia hii ina mipaka yake. Google ilipojipanga upya chini ya Alphabet mwaka 2015, alama ya GOOGL haikubadilika ila CIK ilikuwa mpya, na kila hisa iligeuzwa kuwa hisa moja ya Alphabet. Tahadhari ingelia bila mwenye hisa kupoteza chochote. Na CIK haifiki Nairobi, ambako Barclays Bank of Kenya iligeuka Absa mwaka 2020 na alama ya BBK ikaachia nafasi ABSA. Kwa hisa za huku, andika jina kamili la kampuni na tarehe ya ukaguzi wako wa mwisho, kisha ulinganishe na matangazo ya soko kila mwezi.